Kioo kimoja, majibu mawili: kisa cha 1.52 na 1.59

Wanafunzi wawili wa kidato cha sita walikaa meza moja, wakatumia prizimu moja, pini nne na kipimapembe kimoja, na wote wawili wakanakili jedwali lilelile la vipimo. Kijana akaandika n = 1.52. Binti akaandika n = 1.59. Nilipopita mezani kwao walikuwa wameshagombana vya kutosha, na kila mmoja alikuwa amerudia hesabu mara tatu. Hesabu za wote wawili zilikuwa sahihi. Nilibonyeza kikokotoo mwenyewe nikapata majibu yaleyale.

Herufi n hapa ni namba inayoonyesha kioo kinapinda mwanga kwa kiasi gani ukilinganisha na hewa. Kioo kimoja hakiwezi kuwa na namba mbili zilizoachana kwa 0.07 mchana mmoja. Kwa hiyo mmoja wao alikuwa amekosea mahali ambapo kikokotoo hakifiki.

Ilikuwa mwezi wa saba, kwenye miteremko ya Rungwe juu kidogo ya Tukuyu, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa umekaa hadi dirishani na wanafunzi wamevaa masweta mawili mawili. Umeme haukuwepo, kwa hiyo hatukuweza kutumia sanduku la mwanga. Tukafanya kwa pini, ambayo kwa maoni yangu ndiyo njia inayofundisha zaidi, maana mwanafunzi analazimika kuinama na kutazama ndani ya kioo kwa jicho lake.

Kazi yenyewe ni hii. Unaweka karatasi nyeupe juu ya ubao laini, unasimamisha prizimu juu yake kwa kitako chake cha pembetatu, unachora umbo lake kwa penseli. Unaiondoa. Kwenye uso mmoja unachora mstari uliosimama wima juu ya uso huo, halafu kutoka kwenye mstari huo unapima pembe ya kuingia, i, na kuchora mstari wa mwali unaoingia. Unachomeka pini mbili juu ya mstari huo, unarudisha prizimu mahali pake, unaenda upande wa pili, unafumba jicho moja, na unachomeka pini nyingine mbili ambazo zitafichana na taswira za zile mbili za kwanza. Unaondoa kila kitu, unaunganisha matundu ya pini za pili, na huo ndio mwali uliotoka. Ukirefusha mstari wa kuingia mbele na mstari wa kutoka nyuma hadi vikutane, pembe kati yao ni mchepuko, D: yaani mwanga umegeuzwa nyuzi ngapi kutoka njia uliyokuwa ukiifuata.

Walianza na i ya nyuzi 30, wakarudi kwangu wakilalamika kwamba pini zimepotea. Hazikupotea. Kwa kioo cha kawaida chenye pembe ya kilele ya nyuzi 60, yaani pembe kati ya uso ambao mwali unaingilia na ule unaotokea, mwali ukiingia kwa pembe chini ya nyuzi 29 na nusu hivi unafika uso wa pili ukiwa umelala mno, unaakisiwa wote ndani na kwenda kutokea kwenye uso wa tatu. Kwenye 30 kamili bado unatoka, lakini unatoka ukiwa karibu kulalia uso wenyewe, na taswira ya pini ni hafifu, imebanwa, na ina rangi rangi. Niliwaambia waanze na 35. Kumbukeni jambo hili, maana litarudi.

Jedwali lao lilikuwa hivi, kwa nyuzi, kila kipimo kimesomwa hadi nusu nyuzi:

| i | D |
|---|---|
| 35 | 44 |
| 40 | 40.5 |
| 45 | 39.5 |
| 50 | 39 |
| 55 | 39 |
| 60 | 40.5 |
| 65 | 42 |
| 70 | 44.5 |

Ni jedwali zuri. Mchepuko unashuka, unafika chini, unapanda tena. Wote wawili walichora grafu ya D dhidi ya i, na wote wawili wakakubaliana kwamba mchepuko mdogo kuliko wote ni nyuzi 39. Baada ya hapo njia zao zikaachana.

Mchepuko unapokuwa mdogo kuliko wote, mwali unapita ndani ya prizimu kwa ulinganifu: pembe ya kuingia na pembe ya kutokea zinakuwa sawa, na ndani ya kioo pembe mbili za kupinda kila moja ni nusu ya pembe ya kilele, A. Kutokana na hilo unaweza kuandika n kwa namna mbili:

```
n = sin(i) / sin(A/2)
n = sin((A + D)/2) / sin(A/2)
```

Ya kwanza inataka i ya pale chini kabisa mwa grafu. Ya pili inataka D ya hapohapo. Kihesabu ni kitu kimoja, kwa sababu pale chini i ni sawasawa na (A + D)/2.

Kijana alitumia ya pili: A ni 60, D ni 39, nusu ya jumla ni 49.5, sain yake 0.760, gawanya kwa 0.5, jibu 1.52. Binti alitumia ya kwanza. Aliona D ni 39 kwenye i ya 50 na pia kwenye i ya 55, akasema bonde la grafu liko katikati, kwenye 52.5. Sain ya 52.5 ni 0.793, gawanya kwa 0.5, jibu 1.59. Na hakuwa amebahatisha. Alikuwa na hoja ya pili: kwenye ncha za grafu, 35 inatoa 44 na 70 inatoa 44.5, karibu sawa, na katikati ya 35 na 70 ni 52.5 vilevile. Bonde na ncha vinakubaliana.

Darasa likamhukumu kwa haraka. "Mwalimu, kitabu kimesema kioo ni 1.5, basi wa kwake umekosea." Hoja hiyo niliikataa. Kitabu hakijapima kioo chetu. Kipo kioo kizito cha risasi chenye n karibu na 1.62, na ipo plastiki ngumu inayotumika kwenye lenzi za miwani yenye n karibu na 1.59 kabisa. Prizimu yetu ilikuja kwenye boksi lisilo na maelezo zaidi ya "60°". Kama tungekuwa tunajua jibu kabla ya kupima, tungelala bwenini kwenye joto. Ilibidi vipimo vyenyewe viseme.

Nikamuuliza binti swali moja. Kama bonde liko kwenye 52.5 na mchepuko pale ni 39, pembe ya kilele ni ngapi? Pale chini i ni nusu ya A na D zikijumlishwa, kwa hiyo A ni mara mbili ya i ukitoa D. Akakokotoa: 105 kutoa 39. Ikaja 66.

Akanyamaza kidogo. "Sasa Mwalimu, mbona mimi nimegawanya kwa sain ya 30?"

Hapo ndipo kosa lilipojionyesha, ingawa chanzo chake hakikuwa kimejulikana bado. Alikuwa ametumia i inayodai prizimu ya nyuzi 66, kisha akagawanya kama vile ni ya nyuzi 60. Vitu vitatu, yaani A, D na i, haviwezi kuwa kweli kwa pamoja. Kimoja kinadanganya, na kwa kuwa D ilikubaliwa na wote, mtuhumiwa ni A au i.

Kijana alifurahi mapema mno. Nikamwambia na yeye hana ushindi, kwa sababu hakupima A. Aliisoma kwenye boksi. Kama kweli prizimu ingekuwa ya nyuzi 66, jibu lake la 1.52 lingekuwa baya pia: nusu ya 66 na 39 ni 52.5, sain yake 0.793, gawanya kwa sain ya 33 ambayo ni 0.545, unapata karibu 1.46. Kwa hiyo meza ile sasa ilikuwa na majibu matatu yanayowezekana, na tofauti yote iko kwenye pembe ambayo hakuna aliyeipima.

Tukapima. Kuna wanaoweka kipimapembe moja kwa moja kwenye umbo la penseli, na inatosha kwa kuona kama ni 60 au 66. Lakini kona za prizimu za shule huwa zimeliwa, na mistari mifupi ya sentimita tatu haisomeki vizuri. Njia bora ni kutumia kuakisi. Unachora mistari miwili sambamba, unasimamisha prizimu kilele kikitazama upande inakotoka mistari hiyo, ili mstari mmoja ugonge uso wa kushoto na mwingine uso wa kulia. Unachomeka pini kwenye kila mstari, unatazama taswira zake kwenye uso kama unavyotazama kioo cha kujitazama, unachomeka pini nyingine kuzifuata. Miale miwili iliyoakisiwa inaachana kwa pembe ambayo ni mara mbili ya A kamili. Uzuri wake ni huo wa mara mbili: ukikosea nusu nyuzi kwenye pembe kubwa, A imekosewa robo tu.

Walipata 120.5. Kwa hiyo A ni 60.25, na boksi lilisema kweli kwa kadiri tunavyoweza kuona. Sitasita kusema nilishusha pumzi, maana sikuwa na uhakika. Mtuhumiwa aliyebaki ni i ya 52.5.

Lakini binti hakukubali tu hivyo, na alikuwa na haki. "Mwalimu, ncha za grafu je? Thelathini na tano na sabini zinalingana kabisa." Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu la mwenzake, na ndilo lililonifanya niandike kisa hiki.

Rudi kwenye njia ya mwali. Unapoingia unageuzwa kwa i kutoa pembe ya ndani ya kwanza. Unapotoka unageuzwa kwa pembe ya kutokea, e, kutoa pembe ya ndani ya pili. Pembe mbili za ndani zikijumlishwa ni A, hilo ni jiometri ya pembetatu tu. Kwa hiyo, kwa mwali wowote, si ule wa pale chini peke yake:

```
D = i + e - A
```

Sasa ugeuze mwali urudi ulikotoka. Mwanga haubagui njia, utafuata mistari ileile kinyumenyume: ulioingia kwa 35 na kutoka kwa 69 utaingia kwa 69 na kutoka kwa 35, na mchepuko ni uleule 44. Ndiyo maana karibu kila urefu wa grafu unaguswa mara mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia. Pointi mbili zenye D sawa ni mwali mmoja uliotazamwa kutoka pande mbili. Moja ni i, nyingine ni e ya mwenzake. Na kwa kuwa i + e = A + D, katikati ya pointi hizo mbili siku zote ni (A + D)/2.

Tazama hilo linasema nini. D ikiwa 39, katikati ni 49.5. D ikiwa 44, katikati ni 52. Yaani katikati haikai mahali pamoja, inasogea kulia kadiri unavyopanda juu, nusu nyuzi kwa kila nyuzi moja ya mchepuko. Bonde hili halikusimama wima, limeegemea upande mmoja. Ukuta wa kushoto ni mkali na wa kulia ni mlegevu, na sababu ya ukali wa kushoto ni ileile iliyowapotezea pini kwenye nyuzi 30: upande huo mwali unakaribia kushindwa kutoka, na mchepuko unaruka juu upesi. Kwa kioo cha 1.52, kutoka 35 kurudi 30 tu mchepuko unapanda kutoka karibu 44 hadi zaidi ya 53.

Kwa hiyo ncha zake hazikudanganya. Ncha zilikuwa zinasema ukweli kuhusu katikati ya grafu kwenye urefu wa 44, na yeye akashusha mstari wima kutoka pale hadi chini, kana kwamba bonde lina pande mbili zinazofanana. Nimewaona wanafunzi wengi wakichora grafu hii kama bakuli la ugali, mviringo safi pande zote, na mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilichora hivyo na nikapewa alama zangu zote. Bakuli la namna hiyo siku zote litasukuma bonde kulia, na n itapanda.

Tukaikata grafu yake kwa mistari mitatu ya mlalo. Kwenye D ya 40.5, mstari uligusa mkunjo kwenye 40 na 60, katikati 50. Kwenye 42, uligusa 37.5 na 65, katikati 51.25. Kwenye 44, uligusa 35 na 69, katikati 52. Akaweka nukta tatu kwenye karatasi ya grafu, akapitisha rula, na mstari ukashuka ukiwa umeinama hadi kukutana na mkunjo karibu na 49 na nusu. Halafu, bila kuambiwa, akarudia hesabu iliyomuumbua mwanzo, mara mbili ya katikati kutoa D, kwa kila mstari: 59.5, 60.5 na 60. Grafu ilikuwa imepima pembe ya kilele peke yake, kabla hatujahangaika na mistari sambamba. Boksi lingeweza kupotea na tusingepungukiwa na kitu.

Ilibaki hoja yake ya kwanza: 39 kwenye 50 na 39 kwenye 55. Kwa kioo hiki, ukikokotoa kwa n ya 1.52, kwenye 55 unatarajia 39.4, ambayo mtu anayesoma hadi nusu nyuzi angepaswa kuiandika 39.5. Bahati nzuri karatasi za kila mwali zilikuwa bado zipo. Hili nawasisitizia sana, msitupe karatasi zenye matundu ya pini, maana jedwali ni kumbukumbu ya mlivyosoma na karatasi ni kumbukumbu ya mwanga ulivyopita.

Tukachukua karatasi ya 55. Tulipima kwanza e, ambayo hawakuwa wameiandika popote ingawa ilikuwa imechorwa mbele yao. Ilikuwa 44.5. Weka kwenye mlinganyo: 55 na 44.5 ni 99.5, ukitoa D yao ya 39 unapata A ya 60.5. Ukifanya hivyohivyo kwa karatasi ya 50, ambapo e ilisomeka 49, unapata 60 kamili. Nusu nyuzi peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani, lakini inatosha kufanya utazame tena. Binti akaweka kipimapembe upya, safari hii akirefusha mistari miwili hadi ivuke ukingo wa kipimapembe badala ya kuishia katikati ya duara lake. Mchepuko ukasomeka 39.5.

Badilisha namba hiyo moja kwenye jedwali na utaona: 39.5 kwenye 45, 39 kwenye 50, 39.5 kwenye 55. Bonde linarudi 50 lenyewe. Nusu nyuzi ya kipimapembe, kwenye mstari mfupi, ilikuwa imesogeza bonde nyuzi 2.5 na kuibeba n kutoka 1.53 hadi 1.59.

Hapa ndipo kiini cha kisa, na nataka nikae napo kidogo. Chini ya bonde mkunjo ni bapa. Kwa kioo hiki, mchepuko wa chini kabisa kwa hesabu ni 38.93, na ukihama nyuzi tatu nzima, hadi i ya 52.5, mchepuko ni 39.07. Tofauti ni 0.14 ya nyuzi, ambayo hakuna kipimapembe cha shule kitakachoiona. Ubapa huo ni rafiki ukitafuta D na ni adui ukitafuta i. Ukitafuta D, unaweza kuelekeza mwali ovyo kwa nyuzi mbili tatu na bado ukapata D ileile. Ukitafuta i, ubapa uleule unakunyima alama yoyote ya kukuambia hasa uko wapi.

Nikawafanyia jambo ambalo halihitaji karatasi. Nilimpa binti prizimu aishike mkononi, atazame kupitia kwayo fremu ya dirisha, na aizungushe polepole. Taswira ya fremu ilitembea upande mmoja, ikapunguza mwendo, ikasimama, kisha ikaanza kurudi ilikotoka ingawa mkono wake ulikuwa bado unazungusha upande uleule. Pale ilipogeuka ndipo mchepuko mdogo kuliko wote. Nikamwambia aniambie hasa ni wakati gani imesimama. Alizungusha mbele, nyuma, mbele. "Inasimama muda mrefu, Mwalimu." Ndiyo. Mahali iliposimama panaonekana wazi, lakini huwezi kusema mkono ulikuwa kwenye nyuzi ngapi iliposimama. Wanaotumia spektromita wanafanya hivyohivyo kwa darubini, tofauti ni kwamba wao wanasoma D hadi dakika za nyuzi.

Ukiweka hilo kwa namba, ukubwa wa kosa unaonekana. Kukosea D kwa nusu nyuzi kunahamisha n kwa 0.006 hivi. Kukosea A kwa nusu nyuzi kunahamisha n kwa kiasi kilekile, ila kwa upande wa pili: A ikizidishwa, n inapungua. Lakini i ya bonde, iliyosomwa kwenye mkunjo bapa, inakosewa kirahisi kwa nyuzi mbili na nusu, na hiyo ni 0.06 hivi. Ndiyo sababu mlinganyo unaotumika kila mahali ni ule wa A na D. Vitabu huuweka bila kueleza kwa nini, na mwanafunzi akiona i ni namba moja tu badala ya mbili, anadhani amepata njia ya mkato.

Wakati tunapekua, mwanafunzi wa meza ya jirani alisema labda kosa ni unene wa mstari wa penseli, kwa sababu umbo lililochorwa ni kubwa kidogo kuliko prizimu yenyewe. Si kweli, na inafaa kujua kwa nini. Penseli inausogeza uso nje lakini haiuzungushi, na pembe zote hapa zinapimwa kwa mielekeo. Mistari miwili ya mwali ikihamishwa milimita moja pembeni, pembe kati yao haibadiliki. Kinachoharibu ni prizimu kuzunguka kidogo inaporudishwa mahali pake, au pini kuinama. Kwa pini, dawa ni kutazama chini kabisa zinapoingia kwenye karatasi wala si vichwa vyake, na kuacha nafasi ya sentimita saba nane kati ya mbili za upande mmoja. Zikikaribiana sentimita mbili, unene wa pini peke yake unatosha kukupa nyuzi moja ya uongo.

Kuna mpaka ambao hata pini zilizosimama vizuri haziuvuki. Tulitumia mwanga wa dirishani, ambao ni mweupe, na kioo hakipindi rangi zote sawa. Kwa kioo cha kawaida chenye n ya karibu 1.517 kwa njano, nyekundu inapata karibu 1.514 na buluu karibu 1.522, na kwa prizimu ya nyuzi 60 hiyo ni tofauti ya mchepuko ya kama nyuzi 0.7 kati ya rangi hizo mbili. Ndiyo maana kila pini ilionekana ina ukingo mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili. Mmoja akilinganisha pini zake na ukingo mwekundu na mwingine na wa buluu, watatofautiana kwa zaidi ya nusu nyuzi na wote watakuwa wamepima kwa uangalifu. Tulikubaliana kulenga katikati ya taswira.

Ukichukua A ya 60.25 na D ya 39, n inatoka 1.518. Nusu nyuzi ya D na robo ya A zikiwekwa pamoja, tunaweza kuandika 1.52, na kosa lisilozidi 0.01 kila upande. Inatosha kukataa 1.59 bila kumuuliza kitabu. Haitoshi kusema ni kioo cha aina gani kati ya vingi vinavyokaribiana na 1.52, na kijana alipotaka kuandika 1.518 kama jibu la mwisho nilimkatia tarakimu ile ya tatu.

Mchana ukungu ulipoinuka binti alirudi maabara na karatasi mpya tatu. Alipima kwenye 47.5, 50 na 52.5, na akaleta D zake: 39, 39, 39. Kwenye safu ya i ya bonde alikuwa amekata 52.5, na mahali pake ameandika "kati ya 47 na 53, haisomeki".